Methani ni mara 27 au mara 80 ya hewa ukaa? Hesabu yake hii hapa

Ukipita nyuma ya hoteli yoyote ya Nungwi au Paje ukaangalia lile boksi la AC linalokaa nje, mara nyingi pana kibandiko cha maandishi madogo madogo, na humo utakuta kitu kama R410A halafu GWP 2088, au kama AC ni mpya kidogo R32 na GWP 675. Mafundi wa AC washaziona hizo namba hadi wamezizoea, lakini uliza 2088 ya nini khaswa, kila mtu anashika njia yake. Maana yake ni hii: kilo moja ya gesi ile ikivuja ikaenda zake hewani, basi katika miaka 100 itaongeza joto duniani sawa na kilo 2088 za hewa ukaa zilizotoka siku ile ile. Ndo hivyo tu. GWP ni kipimo cha kulinganisha gesi kwa gesi, kilo kwa kilo, na hewa ukaa ndo imewekwa kuwa 1 ili nyengine zote zipimwe kwake.

Sasa ikija methani, gesi inayotoka kwa ng'ombe, kwenye makonde ya mpunga na kwenye visima vya gesi, mambo yanavurugika. Huku unasoma ni mara 27 au 28 ya hewa ukaa, kule unasoma mara 80 na ushee, mtu mwengine anakuja na 21 kaitoa kwenye kitabu chake cha zamani, halafu watu wanaanza kubishana na mwisho wake mmoja anasema basi hata hao wataalamu wenyewe hawajui. Wanajua. 27 ni sahihi na 80 ni sahihi, na hata ile 21 ilikuwa namba rasmi zama zake, tatizo ni kwamba namba hizi zinatajwa bila ya kusema ni za miaka mingapi, na GWP bila ya miaka haina maana yoyote, ni sawa na kuniambia mshahara ni laki tano usinambie kwa mwezi au kwa mwaka. Nataka tuifungue hii hesabu tuione ndani, manake si ngumu, na ukishaiona utaelewa na habari za mpunga na za ng'ombe bila ya mtu kukupiga chenga.

Tuanze na nguvu yenyewe, tuuache muda kando kwanza. Dunia ikipigwa na jua inapata joto, halafu nayo inalirudisha joto lile juu kwa mionzi ambayo macho hayaioni. Gesi kama hewa ukaa na methani zinainasa sehemu ya mionzi ile kabla haijatoka. Lakini kila gesi ina sehemu zake maalumu za mionzi inazozinasa, haigusi zote. Hewa ukaa inanasa zaidi kwenye mawimbi ya kama maikromita 15, na kwa vile hewani tayari imo nyingi, kama sehemu 420 katika kila milioni, ule mstari wake katikati ushanaswa karibu wote, kwa hivyo ukiongeza kilo moja nyengine inaambulia pembeni pembeni tu. Haijakosa kazi, wasikudanganye wale wanaosema ishajaa haina athari tena, bado inaongeza joto, ila kila kilo mpya inapata kidogo. Methani inanasa kwenye mawimbi ya kama maikromita 7.7, sehemu nyengine kabisa, na yenyewe hewani ni chache, haifiki hata sehemu 2 katika milioni. Kwa hivyo kilo mpya ya methani inaikuta mionzi mingi bado inapita, inanasa vizuri. Nguvu yake kubwa kwa sehemu kubwa inatokana na uchache wake, jambo ambalo watu wengi hawalitegemei.

Pana na suala la uzito. Molekuli ya methani, CH4, ni nyepesi, uzito wake ni 16 wakati hewa ukaa, CO2, ni 44. Ina maana kilo moja ya methani ina molekuli mara 2.75 kuliko kilo moja ya hewa ukaa. Na juu ya hapo methani inapovunjika hewani inasaidia kutengeneza ozoni huku chini tunakoishi, ambayo nayo ni gesijoto, na kule juu kabisa inaacha mvuke wa maji. Athari zote hizo zinahesabiwa kwenye jina la methani kwa sababu yeye ndo mzazi wake. Ukijumlisha vyote, kilo moja ya methani ikiwa hewani inazuia joto kama mara 120 ya kilo moja ya hewa ukaa. Ishike hiyo 120, tutarudi kwake.

Basi mbona hatusemi mara 120 tukamaliza? Kwa sababu methani haikai. Hewani mna kitu kinaitwa haidroksili, ni kipande cha molekuli kisichotulia, kinatengenezwa na mwanga wa jua pamoja na mvuke wa maji na ozoni, na kazi yake kubwa ni kuvamia gesi kama methani na kuzivunja. Hapa kwetu ukanda wa ikweta, jua kali na unyevu tele, ndo kwenye kazi hiyo zaidi. Ukiachia kilo ya methani leo, umri wake wa kuhesabia ni kama miaka 11.8, yaani ikifika hapo imebaki kama asilimia 37, ikifika miaka 20 imebaki kama asilimia 18, na ikifika 100 hamna kitu wallahi, chembe tu. Hewa ukaa haina adui kama huyo. Inaingia kwenye miti, inaingia baharini, lakini taratibu na kwa sehemu, kiasi kwamba ukiachia kilo moja leo, baada ya miaka 20 bado kama asilimia 60 imo, baada ya miaka 100 kama asilimia 40, na hata miaka 500 bado zaidi ya robo ipo inaendelea.

Mie huwa nawaeleza wenzangu kwa vibarua wawili. Umewaajiri siku moja. Mmoja ana nguvu za watu 120 lakini mgonjwa mgonjwa, baada ya siku chache anatoweka. Mwengine ana nguvu ya mtu mmoja tu, ila haondoki. Ukiuliza nani kafanya kazi nyingi zaidi jibu linategemea unawapimia siku ngapi. Na kinachopimwa kwenye GWP ni hicho hicho, jumla ya kazi tangu siku gesi ilipotoka hadi siku ulosema mwisho wa hesabu.

Tuipige sasa. Kwa miaka 20: kilo ya methani, ukijumlisha kile kilichokuwepo hewani kila mwaka, mwaka wa kwanza karibu kilo nzima, unaofuata pungufu kidogo na kuendelea, unapata kama kilo-mwaka 9.6. Kilo ya hewa ukaa kwa muda huo huo unapata kama kilo-mwaka 14.2. Chukua 120 zidisha kwa 9.6 gawa kwa 14.2, unapata 81. Ndo ile 80 na ushee hiyo.

Kwa miaka 100: methani unapata kilo-mwaka 11.8, imeongezeka kidogo tu kwa sababu sehemu kubwa ilishaondoka mapema. Hewa ukaa sasa imefika kilo-mwaka 52. Chukua 120 zidisha kwa 11.8 gawa kwa 52, unapata 27.

Hebu itazameni vizuri hapo. Kutoka miaka 20 kwenda 100 methani yenyewe haikubadilika karibu chochote, 9.6 imekuwa 11.8 basi. Kilichobadilika ni cha chini, hewa ukaa imeendelea kufanya kazi kimya kimya hadi imefika 52. Kwa hivyo anaekwambia "ah methani kumbe ni 27 tu si 80" akadhani kwamba methani imepungua ubaya, hakuielewa. Joto lililoletwa na kilo ile ya methani ni lile lile, lishakuja, limekuja karibu lote katika miaka ishirini ya mwanzo. Namba imeshuka kwa sababu mlinganishwa wake kazidi kuwa mbaya. Ukienda hadi miaka 500 namba inashuka chini ya 10, sababu hiyo hiyo.

Nani kachagua 100? Si maumbile. Ripoti ya kwanza ya IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la wataalamu wa tabianchi, mwaka 1990 ilitoa miaka 20, 100 na 500 yote matatu, halafu kwenye makubaliano ya Kyoto 1997 wakashika 100, na tangu hapo ndo imekuwa ya kiserikali, nchi zote zinatoa ripoti zao kwa 100. Ni chaguo la watu. Kwangu mie chaguo la 100 si baya, ila linaficha jambo, na yule anaetumia 20 nae anaficha jambo jengine, tutaliona mwisho. Na zile namba 21, 25, 28, zote ni za miaka 100, ni IPCC hiyo hiyo ripoti zake tofauti: 21 ya miaka ya tisini, 25 ya 2007, 28 ya 2013, na ya 2021 ikatenganisha, 27 kwa methani ya mimea na mifugo na karibu 30 kwa methani ya ardhini. Zilibadilika kwa vile vipimo vya umri wa methani na athari za ozoni viliboreshwa, na pia hewa ukaa yenyewe hewani imezidi. Ile tofauti ya 27 na 30 ina sababu nzuri: methani ikivunjika mwisho wake inageuka hewa ukaa. Kaboni iliyotoka tumboni kwa ng'ombe ilikuwa kwenye majani juzi tu, na majani yaliichukua hewani, kwa hivyo inarudi ilikotoka. Ile ya kisimani ilikuwa imezikwa mamilioni ya miaka, ikitoka ni nyongeza mpya.

Na tukishataja kisima tuseme habari ya kuvuja. Umeme wetu Unguja unakuja kwa waya wa baharini kutoka Dar hadi Fumba, Pemba unakuja kutoka Tanga, na huko bara sehemu ya umeme inatokana na gesi ya Songo Songo na ya Mtwara, ambayo karibu yote ni methani. Gesi hii ikichomwa vizuri ni nafuu kuliko makaa ya mawe, hilo halina ubishi. Kilo moja ya methani ikiungua inatoa kilo 2.75 za hewa ukaa. Sasa chukulia popote duniani pana mtandao wa gesi ambao unavuja asilimia 3 kati ya kisimani na mtambo, ni mfano tu natoa, kwa kila kilo inayochomwa gramu 30 zimepotea njiani. Gramu 30 zidisha kwa 82 za methani ya ardhini kwa miaka 20, unapata kama kilo 2.5 za hewa ukaa. Yaani kile kidogo kilichovuja kinakaribia kulingana na kile chote kilichochomwa! Hapo ule unafuu wa gesi juu ya makaa unakuwa umeliwa karibu wote kwa miaka ishirini hiyo. Kwa hesabu ya miaka 100 uvujaji ule ule ni kama kilo 0.9, bado si haba. Ndo maana kwenye visima gesi isiyohitajika ni heri iwashwe moto kuliko kuachiwa, moto ule unaiua methani, inabaki hewa ukaa peke yake, japo moto ukizimwa na upepo au ukiungua nusu nusu inatoka kama ilivyo. Na methani haina rangi wala harufu, wanaitafuta kwa kamera maalumu zinazoona mionzi ya joto na skuhizi hata kwa satelaiti.

Kabla hujakimbilia jikoni: mtungi wako wa gesi si methani. Ile ni propani na butani, ikivuja itakuunguzia nyumba lakini hewani inakaa siku au wiki chache tu na GWP yake ni ndogo sana. Watu wanachanganya hili kila siku.

Tuje bondeni sasa, huku ndo kwetu. Mpunga wenyewe hautengenezi methani, yakhe, wanaotengeneza ni vijidudu vya kwenye tope. Konde likijaa maji, oksijeni iliyokuwa kwenye udongo inamalizika haraka, siku chache tu, manake hewa inapita kwenye maji polepole mno. Vijidudu vinavyotaka oksijeni vinasimama, vinashika zamu vyengine ambavyo vinapumua naitreti, halafu chuma cha kwenye udongo, halafu salfeti, hapo ndo unasikia ile harufu ya yai bovu ukikanyaga tope na udongo ukawa mweusi. Harufu ile si methani, methani haina harufu, lakini ni dalili kwamba mambo yanaelekea huko. Vyote vile vikiisha ndo vinabaki vijidudu vya methani, vinakula mabaki ya mabua na majimaji yanayotoka kwenye mizizi. Na methani haipandi kwa viputo peke yake, sehemu kubwa inapita ndani ya mpunga wenyewe. Mpunga una mirija ya hewa kutoka majani hadi mizizi, ameumbiwa ili mizizi ipumue ndani ya maji, basi methani nayo inatumia mirija ile ile kutokea juu.

IPCC kwenye mwongozo wao wa kuhesabu gesi wana namba ya kuanzia kwa konde lililojaa maji msimu mzima, kilo 1.19 za methani kwa hekta kwa siku, na kwa Afrika wanachukulia msimu wa siku 113. Ukiigeuza kwa eka inakuja kama kilo 54 kwa msimu. Kwa GWP ya 100 ni karibu tani moja na nusu ya hewa ukaa, kwa ya 20 ni zaidi ya tani 4. Lakini msikurupuke mkasema basi mpunga wa Zanzibar wote ndo hivyo. Konde la kutegemea mvua, na mpunga wetu mwingi ni wa mvua za masika, maji yanaingia na kukauka yenyewe, mwongozo unalikadiria kama nusu ya lile la kujaa, na mahali penye ukame ukame hata chini ya moja ya tano. Kilo 54 ni za mtu mwenye mfereji anaeacha maji yasimame tangu kupandikiza hadi karibu na kuvuna, yaani kwenye skimu za umwagiliaji kama za Cheju, Bumbwisudi, au Mlemele na Makwararani kule Pemba, ikiwa mkulima anajaza tu bila ya kuachia.

Na hapo hapo kwenye mfereji ndo pana dawa, kwa sababu mwenye mfereji ana uwezo wa kufunga maji. Njia yenyewe ni kulowesha na kukausha kwa zamu. Unachukua bomba la plastiki la kama sentimita 30, unalitoboa toboa ubavuni, unalizika kondeni nusu yake ikiwa chini, unautoa udongo wa ndani, na sasa unaona maji yako wapi hata kama juu pamekauka. Maji yakishuka hadi sentimita 15 chini ya udongo ndo unafungulia tena. Mizizi bado inayapata maji kwa kina hicho, mavuno hayaanguki, ila oksijeni inaingia na vile vijidudu vya methani vinasimama, na vikishasimama vinachukua muda kuanza upya. Mwongozo unaikadiria methani kushuka hadi 0.55 ya ile ya mwanzo, kwa hiyo kilo 54 zinakuwa kama 30. Wakati wa mpunga kutoa maua usikaushe, hapo ukikosea unakula hasara ya mapepe. Na ukikausha ukapitiliza halafu ukamwaga yurea nyingi unapata gesi nyengine, naitrasi oksaidi, yenye GWP ya 273, japo kwa kawaida inachokula ni sehemu ndogo ya ile faida.

Kitu ambacho watu hawakitaji na kina uzito kuliko wanavyodhani ni mabua. Ukiyafukia mabua tani 2 kwa eka, kwa uzito wa yakiwa makavu, halafu ukajaza maji wiki ile ile, umewaandalia vijidudu karamu, methani inapanda karibu mara 3 kwa hesabu ya mwongozo. Ukiyafukia zaidi ya mwezi kabla ya maji, yakaoza hewani kwanza, inapanda mara moja na nusu tu. Mabua yale yale, konde lile lile, tofauti ni tarehe ya kulima. Na hili halihitaji bomba wala mradi wa mtu yeyote.

Ng'ombe nitakwenda mbio kidogo manake wengi wanalijua, ila wanalijua kinyume, wanacheka wakidhani ni habari ya kujamba. Karibu yote inatoka mdomoni, kwa kucheua na kupiga mbweu. Tumbo lake la kwanza ni kama lile tope la bondeni, halina oksijeni, vijidudu vinayasaga majani na kutoa haidrojeni, na vyengine vinaichukua haidrojeni ile pamoja na hewa ukaa vinatengeneza methani. Majani magumu makavu ya kiangazi yanatoa methani nyingi kwa kila lita ya maziwa kuliko majani machanga. Ng'ombe wa kienyeji wa Afrika kwa mwongozo wa 2019 anakadiriwa kama kilo 50 kwa mwaka, sawasawa na ile eka ya mpunga uliojaa maji. Kwa miaka 100 ni kama kilo 1350 za hewa ukaa, ambazo ni sawa na kuchoma lita 590 hivi za petroli. Kwa miaka 20 ni sawa na lita 1700 na zaidi. Ng'ombe mmoja huyo, vespa yako inakunywa ngapi kwa mwaka?

Na wale wenye mitambo ya biogesi nyumbani wasikilize hapa. Kinyesi kikiachwa kikavu juani zizini kinatoa methani kidogo sana, kwa vile hewa inakipata. Ukikitia kwenye shimo la biogesi unaitengeneza methani makusudi, ni sawa kabisa, ukiipika inakuwa hewa ukaa ya majani tu na umeokoa kuni. Lakini kuba likipata ufa, au ukasafiri mwezi mzima gesi inajaa na kujitokea kwenye shimo la kutolea samadi, umekuwa na bomba linalovuja la kwako mwenyewe. Pakaza maji ya sabuni kwenye valvu na maungio, viputo vikitoka ujue. Kama gesi inabakia kila siku, basi iwashe.

Sasa lile jambo linalofichwa. Chukua mfugaji ana ng'ombe 10, wanatoa kilo 500 za methani kila mwaka, na jirani yake ana jenereta inayotoa tani 13.5 za hewa ukaa kila mwaka. Kwa GWP ya 100 wako sawa, 500 mara 27. Mwaka wa kwanza sawa, wa pili sawa, kwenye ripoti miaka yote hamsini wako sawa. Lakini hewani hawako sawa hata kidogo. Methani ya mfugaji inaongezeka mwanzoni, kisha ile inayovunjika inalingana na ile inayotoka, na inasimama kwenye kama kilo 5900, basi, maadamu ng'ombe ni 10 wale wale haizidi tena. Ya jirani inarundikana, kila mwaka juu ya mwaka, hajawahi kufika mahali pakasimama hadi azime jenereta, na akizima lililorundikana linabaki. Kwa hivyo kundi lisiloongezeka linashikilia joto lilipofika, na jenereta inalipandisha daima. GWP haioneshi hilo.

Ila mfugaji akiongeza kutoka 10 hadi 20, ndani ya miaka ishirini hewani panaongezeka karibu kilo 5000 nyengine zenye nguvu ya mara 120 kila moja, kishindo kikubwa kuliko GWP ya 100 inavyokwambia. Na akipunguza hadi 5, hewa inajisafisha katika muda huo huo na joto lile linashuka, kitu ambacho kwa hewa ukaa hukipati, ukiipunguza joto linapanda polepole zaidi tu, na ukiizima kabisa unapata kusimama basi. Mwaka 2018 mwanasayansi Myles Allen na wenzake wa Oksfodi walitoa hesabu nyengine, GWP yenye kinyota, inayoangalia kama utoaji unapanda au unashuka badala ya kuhesabu kilo peke yake. Kwa joto ni sahihi zaidi. Tabu yake ni kwamba anaeanza na ng'ombe milioni kumi akapunguza kidogo anaonekana anaipoza dunia, na mtu wa Micheweni aliyekuwa na mmoja akanunua wa pili anaonekana mharibifu mkubwa, na ubishi huo wafugaji wakubwa wa nchi tajiri washauanza kuutumia kwenye mikutano. Kwa hiyo ukiona ripoti imetaja methani, tazama kwanza ni miaka 20 au 100, kisha utazame kama kilo zile mwaka jana zilikuwa chache au nyingi zaidi. Zote mbili zikikosekana, namba ile iweke pembeni.